Safu ya Kutokea

Daftari la mkodishaji wa maturubai, viti na muziki pale Manyoni hupimwa kwa safu ya kutokea, ile inayojazwa kabla gari halijapakiwa. Anayeijua kazi haandiki "viti 100, vizuri." Anaandika kwamba 97 ni vizima, na kwamba namba 14, 52 na 80 vina michirizi myeupe kwenye mguu wa nyuma. Michirizi hiyo ni plastiki iliyokwisha kuchoka. Namba 52 kikirudi kimekatika papo hapo, si haki kumtoza mteja, kwa kuwa amepokea tu uchovu wa harusi zilizotangulia. Hata pasipo maandishi, mpasuko wenyewe husema: mpya ni msafi, wa zamani umeshikwa na vumbi ndani. Spika nayo huwashwa mbele ya mteja kwa sauti ndogo, kisha ikizimwa, koni husukumwa taratibu kwa vidole vilivyotandazwa. Ikikwaruza ndani, koili imeharibika. Likiandikwa hilo wakati wa kutoka, hakuna ugomvi. Lisipoandikwa, safu ya kurudia haina cha kulinganishwa nacho.

Wapo watakaosema kwamba mtu mwenye msiba hawezi kusimamishwa uani kukagua viti. Ni kweli, na ndiyo maana ukaguzi wa kasoro za viti hufanywa vinaporudi, si vinapotoka. Kilichoandikwa leo wakati wa kurudi ndicho kinachonakiliwa kesho wakati wa kutoka. Mfiwa, au ndugu aliyetumwa, anahesabu tu na kutia sahihi. Wengine husema mji ni mdogo na watu wanaaminiana. Lakini mkodishaji na mteja wanaweza kuwa waaminifu wote wawili, na bado kila mmoja akakumbuka turubai tofauti.

Kwenye gharama ndipo wengi hupotoka. Tuseme kiti kipya ni shilingi 16,000, na hutarajiwa kudumu miaka 4. Kilichotumika miaka 2 kikivunjwa, hasara ni 8,000, si 16,000. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, huelekea huko huko: fidia iwe ya kadiri, hata kama mkataba umetaja kiasi kikubwa zaidi. Na koili ikiungua kwa sababu amplifaya ilisukumwa hadi taa nyekundu ikakaa inawaka, swali la kwanza ni nani alikuwa mitamboni. Akiwa ni kijana wa mkodishaji mwenyewe, mteja hadaiwi, kwa hiyo daftari lazima litaje jina la aliyekuwa mitamboni.

Turubai lililorudi limelowa, kati ya Desemba na Aprili, halifungiwi hesabu siku hiyo. Huandikwa "limerudi bichi, litakaguliwa likikauka," pamoja na siku ya kukagua. Mteja huitwa aje, kwa sababu madoa ya ukungu hutokea baadaye, na turubai likikaa limekunjwa stoo likiwa na maji, madoa hayo ni ya mwenye stoo.