Mkanda Ushuke Upesi

Ukitoka Jangwani, kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani lilipo jengo la Yanga, ukaingia Kariakoo kwa miguu, huchukui muda kukutana na fundi saa aliyekaa barazani na kimeza chake cha kioo. Wenye mikono myembamba humfikia na lalamiko moja: saa ni kubwa mno. Fundi anayeijua kazi yake hakubali upesi. Anaweka saa juu ya mkono wa mteja, kisha anainama kuitazama kwa ubavu, na ustadi ninaousifu hapa umo katika mtazamo huo.

Anachokitafuta ni pembe nne za kasha, zile zinazoshika pini za mkanda. Upana wa uso wa saa hudanganya. Saa mbili za milimita 38 zaweza kukaa tofauti kabisa, kwa sababu moja ina pembe fupi zilizoinama na nyingine pembe ndefu zilizonyooka. Umbali kutoka ncha ya pembe ya juu hadi ncha ya pembe ya chini ndio unaoamua. Ncha zikivuka ubapa wa juu wa mkono, mkanda utaning'inia hewani kabla ya kugusa ngozi, na hapo hakuna mkanda utakaoiokoa saa hiyo. Zikibaki ndani ya ubapa, kazi iliyosalia ni ya mkanda.

Chukua mfano wa dada mwenye mkono wa sentimita 14.5 kwa mzunguko, aliyerithi Seiko 5 ya babake, ya milimita 37. Ncha hadi ncha ni kama milimita 43, na mkono wake una ubapa wa kama 45. Saa inamtosha. Kinachomsumbua ni mkanda wa chuma: vipande vyake vya mwanzo vimetokeza moja kwa moja kutoka kwenye kasha bila kuinama, kwa hiyo saa imerefuka pande zote mbili.

"Fundi, nitafutie mkanda mpana uikaze," anasema.

"Mpana hautaingia, dada. Tupime kwanza."

Rula inawekwa kati ya pembe, upande wa ndani: milimita 18. Mkanda wa 20 ukilazimishwa hapo, kingo zake hukunjika na kuchakaa, na saa huinuka. Wa 16 huacha mwanya wa milimita moja kila upande, pini ikaonekana, mkanda ukacheza. Zipo pia saa za milimita 19 kati ya pembe, na jicho peke yake haliwezi kuzitambua.

Baada ya upana huja urefu, na hapa ndipo wengi hupotea. Mkanda wa kawaida wa ngozi una kipande cha bizimu cha milimita 75 na kipande cha matundu cha 115. Ukiondoa sehemu iliyofunikwa na saa, mkono wa dada huyu unabakiza kama milimita 110 za kuzungushia. Bizimu ya 75 ingepita katikati ya mkono kwa milimita 20 na kukaa ubavuni, na tundu ambalo angelihitaji lingekuwa milimita 35 tu kutoka kwenye pini, mahali ambapo mara nyingi hapajatobolewa. Mkanda mfupi, wa 65 kwa 105, unaishusha bizimu karibu na katikati, na ncha iliyozidi inapungua.

Ndipo malighafi ichaguliwe. Ngozi nene iliyojazwa sifongo hukataa kuinama karibu na pini. Ngozi nyembamba ya milimita mbili hushuka papo hapo, hasa ikipungua kutoka 18 hadi 16 kwenye bizimu. Lakini ngozi hunywa jasho, na kwa joto la Dar es Salaam, ndani ya basi la mwendokasi lililojaa, huanza kunuka na kuoza kwenye matundu. Mpira haunywi jasho, ila ule mgumu hutokeza kama kile chuma. Nailoni hukauka upesi. Ile inayopita chini ya kasha mara mbili huinua saa, hivyo mkono mwembamba unahitaji ya tabaka moja, au ya vipande viwili.

Kwa dada huyu anayetembea juani kila siku, fundi anachagua nailoni nyembamba ya vipande viwili, milimita 18, ya urefu mfupi. Halafu anamwomba aning'inize mkono na kuutikisa. Saa ikigeukia upande wa kidole kidogo, imelegea. Ikiacha alama ya kina kwenye ngozi, imebana. Mkanda unaposhuka kwenye ngozi mara tu baada ya pembe, na saa isigeuke, kazi imekamilika. Mteja anayeujua mpangilio huu, ncha kwanza, upana kati ya pembe, urefu, kisha malighafi, hatauza saa nzuri ya babake kwa kosa la mkanda.