Nani Alimwambia Apandishe Ufunguo?

Mliokuwepo Kayanga jioni ile, mama aliporudi kutoka kwenye matibabu yake marefu Mwanza, mnaijua beti ninayoisema. Ni ya nne. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri: besi walisimama imara, na aliyeelekeza spika migombani badala ya sebuleni nampa heko. Kisha mpiga kinanda akabonyeza kitufe mara mbili, ufunguo ukatoka F kwenda G, na kwaya ikamwacha mwenye shughuli nyuma.

Turudi kidogo. Katika F, noti ya juu kabisa ya kiitikio cha wimbo ule ni C. Tangu beti ya pili mama alikuwa anaitikia, kwa mkwaruzo, lakini anaitikia. Kila akiikaribia C, kidevu kilinyanyuka na mabega yakapanda. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua maana yake: mwimbaji yuko ukingoni. Aliyelala kitandani wiki nyingi, misuli ya kuvutia pumzi huweza kulegea, na sauti dhaifu huanza kupotea juu. Kama alipitishiwa mpira kooni, mkwaruzo nao huchukua muda kuisha. Sasa ufunguo ukapanda, C ikawa D. Alijaribu mara moja, akakohoa, akabaki kupiga makofi huku wenzake wakimwimbia.

Mpiga kinanda anajitetea kwamba beti ya mwisho hupandishwa siku zote. Jumapili kanisani, sawa. Jioni ile haikuwa ya kuwaonyesha waumini kwamba soprano wanafika.

Na midundo ya kubonyeza, nimeshaisema mpaka nimechosha watu. Mashine haimngojei mtu avute pumzi. Marehemu Habibu Selemani, gwiji wa enanga wa jirani zetu Wahaya, hakuwa na shida hiyo. Enanga ni uzi mmoja unaopitishwa huku na huko juu ya ubao uliochongwa kama hori, ukatoa nyuzi saba au nane, na mpigaji huzikaza kufuata sauti inayoimba. Mwimbaji akichoka, vidole hurudia mapigo yale yale mpaka awe tayari. Ukisikia enanga, unasikia ala inayomfuata mtu.

Beti ya nne ilipaswa kushuka hadi D. Hapo noti ya juu ya kiitikio inakuwa A, na mama anaifikia bila kunyanyua kidevu. Beti zenyewe waimbe kwaya, yeye abaki na kiitikio peke yake, na kiongozi amtazame usoni kabla ya kuanzisha mstari unaofuata.

Safari ijayo, kabla kinanda hakijawashwa, mwombeni aliyerudi awashukuru wageni kwa maneno mawili matatu. Pale sauti yake ya kuongea inapotua ndipo pawe noti ya chini ya kiitikio, na kisipande zaidi ya noti tano kutoka hapo.