Dakika 240 si msimu

Kosa la barua ile liko kwenye mstari wa kwanza baada ya salamu. "Mwalimu, shikamoo. Mimi nafunga bao 1.5 kwa kila dakika 90, straika wetu namba moja anafunga 0.5. Naomba dakika zangu ziangaliwe upya." Mchezaji wa akiba aliyeandika hivyo alikuwa na hoja nzuri kabisa, lakini aliiweka ukurasa wa pili na kufungua kwa namba dhaifu kuliko zote alizokuwa nazo.

Hesabu yenyewe haina kasoro. Ameingia akitokea benchi mara 16, wastani wa dakika 15 kila mara, jumla dakika 240 na mabao manne. Mwenzake ana mabao 10 ndani ya dakika 1,800. Ukigawa kwa dakika na kuzidisha kwa 90, unapata 1.5 na 0.5 kweli. Ila punguza mabao mawili kwa kila mmoja uone. Wa akiba anashuka mpaka 0.75, yaani nusu ya sifa yake imekwenda. Aliyeanza anabaki na 0.4. Namba inayokatika nusu kwa sababu ya mipira miwili haiwezi kubeba ombi la kubadili kikosi.

Halafu mabao yenyewe. Matatu kati ya manne yalikuja timu ikiwa tayari inaongoza kwa tofauti ya mabao matatu au zaidi. Waliokuwa uwanjani siku ya 6-0 wanalikumbuka lile la dakika ya 84: beki wa kati ameinama, mikono magotini, mpira unapita pembeni yake na hata shingo hageuzi. Bao ni bao kwenye msimamo wa ligi. Kwa mwalimu anayetafuta mtu wa kuanza mechi ikiwa 0-0, haliwezi kumwonyesha mengi.

Safu hii imelalamika kwa miaka kuhusu jambo la tatu, na italalamika tena: dakika zinahesabiwa kana kwamba mpira unaisha ya 90. Anayeingia ya 75 huandikiwa dakika 15 hata kama mwamuzi ameongeza tano. Mpe tano hizo katika mechi zote 16, na 240 zinakuwa 320. Kiwango chake kinashuka kutoka 1.5 hadi kama 1.1. Aliyecheza mechi 20 nzima, hata ukimwongezea dakika nane kila mechi kwa vipindi vyote viwili, anatoka 0.5 hadi 0.46 tu. Ukataji huu wa dakika humpendelea anayetokea benchi, na tangu waamuzi waanze kuongeza dakika nyingi kuanzia Kombe la Dunia la 2022, pengo limekua.

Ole Gunnar Solskjær aliingia dakika ya 72 dhidi ya Nottingham Forest, Februari 6, 1999, Manchester United ikiongoza 4-1, akafunga manne na mechi ikaisha 8-1. Kwa hesabu ya barua hii alikuwa mtu wa mabao 20 kwa mechi. Kilichomjengea jina ni bao la dakika za nyongeza dhidi ya Bayern Munich, Mei mwaka huohuo, fainali ikiwa 1-1. Na Roger Milla, Italia 1990: mabao yake yote manne aliyafunga akitokea benchi, mawili dhidi ya Romania na mawili dhidi ya Colombia, na yote mawili ya ufunguzi katika mechi hizo yalivunja 0-0. Akiba wa zamani walipimwa kwa hali ya mchezo walipoingia.

Na hicho ndicho kilichokaa ukurasa wa pili. Mara tisa kijana aliingia timu ikiwa sare au nyuma. Katika dakika hizo 165 alifunga moja tu, lakini alipiga mashuti 11, sawa na sita kwa dakika 90. Straika anayeanza amepiga 60 msimu mzima, sawa na matatu. Mashuti ni mengi kuliko mabao, hivyo moja likipungua picha haibadiliki. Yana mpaka wake pia, maana timu iliyo nyuma hushambulia zaidi na mabeki wamechoka. Ndiyo maana ombi lililofaa lilikuwa dogo: mechi tatu mfululizo za kuingia dakika ya 60 badala ya ya 75, kisha mashuti yahesabiwe tena, dakika za nyongeza zikiwemo.



Mwalimu alijibu kwamba mabao ya mechi iliyokwisha kuamuliwa hayamwonyeshi mchezaji wa kuanza. Kuhusu mashuti 11 hakuandika kitu, na Jumamosi iliyofuata, timu ikiwa nyuma 1-0, kijana aliitwa kupasha misuli dakika ya 77.