Viazi, Kwaki na Kachumbari

Mpwa wangu akisimama mbele ya rafu za maziwa katika duka la bei nafuu mjini Leipzig, huwa hana haraka. Haangalii kwanza bei iliyoandikwa kwa tarakimu kubwa. Hushusha macho hadi kwenye maandishi madogo yaliyo chini yake, yanayotaja bei ya kilo nzima. Nchini Ujerumani sheria humtaka mwenye duka aiandike, ili mnunuzi asihadaike na ukubwa wa kopo. Kisha hugeuza kopo lenyewe na kutafuta mstari wa protini kwa kila gramu 100. Akishapata namba hizo mbili, hugawanya kichwani, akajua yuro moja itamnunulia gramu ngapi za protini.

Siku niliyofuatana naye, kidari cha kuku kilikuwa yuro 10 kwa kilo. Kilo hiyo ina protini ya gramu 230 hivi, kwa hiyo yuro moja ingempa gramu 23. Dengu nyekundu zilizokobolewa zilikuwa yuro 4 kwa kilo, na yuro moja ingempa gramu 60. Katikati yao kulikuwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona Morogoro alikokulia: jibini jeupe, laini, lisilo na chumvi, ambalo Wajerumani hulila tangu asubuhi hadi usiku. Linaitwa kwaki. Ile isiyo na mafuta ilikuwa yuro 3 kwa kilo, na yuro moja ingempa gramu 40. Akachukua makopo mawili ya nusu kilo.

Hesabu hiyo ina sababu. Mwanafunzi anayetoka nje ya Ulaya kuja kusoma Ujerumani kwa kawaida hutakiwa kuonyesha fedha zilizofungiwa benki, na tangu mwaka 2024 kiwango kilichowekwa ni yuro 11,904 kwa mwaka. Anaruhusiwa kuzitoa yuro 992 kila mwezi. Humo zimo kodi ya chumba, bima ya afya, simu na ada ya muhula. Chakula alikitengea yuro 40 kwa wiki. Wakati huohuo alikuwa ameanza kunyanyua vyuma katika jimu ya chuo akiwa na kilo 66, na alitaka mwili uongezeke taratibu, uwe wa misuli. Kwa kazi hiyo, gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku zinawatosha watu wengi. Kwake zilikuwa kama gramu 106, pamoja na kalori zinazozidi kidogo zile anazotumia, alikadiria 2,800.

Kwaki hutengenezwa kwa maziwa yaliyoondolewa malai, yakagandishwa kwa bakteria wa mtindi na kimeng'enya kidogo, kisha yakatenganishwa na maji yake. Kinachobaki ni kizito, kichachu, na hukausha ulimi. Kijiko cha kwanza humfanya mgeni adhani anakula unga uliolowa. Wengi hukimbilia kuifukia kwa sukari na jamu mpaka ladha yake ipotee, na baada ya wiki mbili huwa wameichoka. Mpwa wangu aliamua kwanza kuijua tabia yake.

Alianza na tumbo. Watu wazima wengi wa kwetu hawaimudu vizuri sukari ya maziwa, na kwaki bado inayo, karibu gramu 4 katika kila gramu 100. Kwa hiyo kwa siku chache alikula vijiko vitatu tu pamoja na mlo, akasikiliza. Tumbo likiunguruma au likijaa gesi saa moja au mbili baadaye, ni dalili kwamba kiasi kimezidi. Lake lilitulia, akaongeza hadi robo kilo. Kama lisingetulia, ipo kwaki iliyoondolewa sukari hiyo, ila bei yake iko juu, na hapo angerudi kwenye dengu na mayai.

Kisha akajaribu kuitia kwenye mchuzi wa dengu badala ya tui la nazi, kwa kuwa tui la kopo lina mafuta mengi na protini kidogo sana. Ukiitia kwaki kwenye sufuria inayochemka, inakatika: mchuzi unakuwa na chembechembe kama semolina, na maji ya kijani hafifu yanajitenga pembeni. Bado unalika, lakini ulaini umetoweka. Siku hizi anazima jiko kabisa, anasubiri mapovu yaishe, anachota vijiko vitatu vya dengu za moto na kuvikoroga ndani ya bakuli la kwaki ili ipate joto polepole, ndipo anairudisha yote sufuriani. Haichemshi tena. Wanga wa dengu zilizopondeka unasaidia kuishika. Mchuzi unakuwa mweupe, laini na wenye uchachu kidogo. Harufu ya nazi haimo, na yeye haidai kwaki impe.

Chakula kilichonifanya nimheshimu ni kingine. Katika jiko la pamoja la hosteli yupo kijana kutoka Lausitz, eneo la mashariki mwa Saksonia na kusini mwa Brandenburg ambako kwa muda mrefu watu walilima kitani na kufuma nguo zake. Huko wana mlo wa zamani wa watu wa kipato kidogo: viazi vilivyochemshwa na maganda yake, kwaki, na mafuta ya mbegu za kitani yaliyomiminwa juu. Kijana alimwandalia sahani. Mpwa wangu alikula nusu, akaweka uma chini, akaanza kupiga hesabu.

"Mjomba," aliniambia siku ile, "hawa walishanimalizia kazi."

Alikuwa na maana hii. Kwaki isiyo na mafuta ina kalori 67 tu katika gramu 100. Ni chakula kizuri cha mtu anayepungua, lakini anayetaka kuongezeka anaweza kushiba kwa kopo zima na bado akawa amekula nishati kidogo. Nishati ikikosekana, mwili huchoma sehemu ya ile protini kama kuni, na misuli haipati chake. Sahani ya Lausitz inaliziba pengo hilo. Nusu kilo ya viazi huleta wanga. Vijiko viwili vikubwa vya mafuta huongeza kalori kama 240 bila kulijaza tumbo. Robo kilo ya kwaki huleta gramu 30 za protini, na viazi vyenyewe gramu 10. Jumla ni gramu 40 za protini na kalori 770 hivi, kwa gharama isiyofika yuro 2.

Akaichukua sahani hiyo, akaifanyia kazi kwa mikono ya kwao.

Viazi huvichagua kwa maandishi ya mfuko, kwa kuwa huko huuzwa kwa aina: visivyovunjika, vya katikati, na vya unga. Vya unga hupasuka majini na kuwa rojo. Yeye huchukua visivyovunjika. Huviosha, huviweka kwenye maji baridi yenye chumvi, na baada ya kuchemka huvipa dakika 20 hadi 25. Hupima kwa ncha ya kisu: kiazi kikichomwa na kuteleza chenyewe kurudi majini, kimeiva.

Kwaki huitia bakulini na chumvi, kisha vijiko viwili au vitatu vya maji yenye gesi. Hilo alifundishwa na kijana wa Lausitz. Maji hulegeza uzito wake na mapovu huifanya nyepesi. Akiikoroga kwa uma kwa dakika moja, ule ukavu wa ulimini unaondoka. Akizidisha maji hupata uji, ndiyo maana hutia kijiko kimoja, akakoroga, akatazama, ndipo akaongeza.

Inayofuata ni kachumbari ya kuchanganya na kwaki hiyo, na hapa ndipo utulivu wake huonekana. Tango hulikuna, hulinyunyizia chumvi na kuliacha dakika kumi, kisha hulikamua kwa kiganja mpaka maji yaache kudondoka. Kitunguu hukikata vipande vyembamba, hukisugua kwa chumvi na kukisuuza kama afanyavyo mama yake, kisha hukikausha kwa kitambaa safi. Pilipili na majani ya giligilani hukatwa mwishoni. Nyanya haziingii bakulini; hukaa pembeni ya sahani. Chumvi hutoa maji kwenye mboga yoyote mbichi, na maji hayo yakishuka ndani ya kwaki huifanya itepete. Ukiona kidimbwi kimetanda juu ya bakuli kabla hujaketi kula, ujue tango halikukamuliwa. Lake hukaa imara tangu jioni hadi kesho yake mchana.

Mafuta ya kitani humiminwa mwisho, yakiwa baridi. Hayafai kukaangia, na huchacha upesi kuliko mafuta tuliyoyazoea. Hununua chupa ndogo ya rangi nyeusi na kuiweka kwenye friji. Kila mara, kabla ya kumimina, huonja tone moja. Yakiwa mazima yana ladha ya njugu na majani makavu; yakianza kukwaruza koo kwa uchungu au kunuka kama samaki, huyaacha hata kama chupa imebaki nusu.

Mlo huo ni wa jioni. Asubuhi hula uji wa oti, gramu 80 katika mililita 300 za maziwa, wenye protini ya gramu 20. Mchana hubeba wali na dengu, gramu 100 za kila kimoja kabla ya kupikwa, zenye gramu 31. Akitoka jimu hula mayai mawili na mkate, gramu 19 hivi. Ukijumlisha na zile 40 za jioni unapata 110. Konzi ya karanga kati ya vipindi huongeza kalori. Hakuna kopo la unga wa protini chumbani mwake, kwa sababu sahani zake zimeshafikisha kiwango.

Hupima uzito kila asubuhi kabla ya kula, lakini haamini namba ya siku moja. Sahani yenye chumvi nyingi huweza kuleta kilo ya maji ikaondoka kesho. Hutafuta wastani wa wiki na kuulinganisha na wa wiki iliyotangulia. Ukipanda kwa gramu 200 hivi, haguzi kitu. Usipopanda kwa wiki mbili mfululizo, huongeza kiazi kimoja na kijiko cha mafuta, na kwaki huiacha ilivyo. Ukipanda kwa kasi huku vyuma anavyonyanyua haviongezeki, hupunguza mafuta kwanza, kwa kuwa anajua kinachoongezeka hapo ni kitambi.

Mwezi uliopita alifika msichana mgeni kutoka Arusha, akalalamika kwamba unga wa ugali na dagaa katika duka la Waafrika vingemmalizia fedha ya wiki. Mpwa wangu hakumpa orodha ya vyakula. Alimuuliza, "Dada, dagaa walikuwa wanakufanyia kazi gani kwenye sahani?" Msichana akafikiri, akajibu kwamba walikuwa kitoweo, walitia chumvi, na walimshibisha kwa muda mrefu. "Basi tutafute wa hapa wa kufanya kazi hizo," akamwambia, na wakaenda pamoja dukani kusoma yale maandishi madogo.