Kusoma Tone la Maji kwenye Kikaango cha Stenlesi

Mtu hunyunyiza maji kwa ncha za vidole, kikaango kinalia chwaa, maji yanakauka, naye anaridhika kwamba moto umekolea. Anatia mafuta, anaweka samaki, na baada ya dakika tatu anang'ang'ana na mwiko huku nusu ya ngozi imebaki chini. Lawama zote huenda kwa kikaango. Lakini kile kilio cha chwaa alichokiamini ndicho kilichokuwa kinamwambia asubiri. Kikaango cha stenlesi kilichopata joto la kukaangia hakilii sana kikiguswa na maji. Hunyamaza.

Ndiyo maana anayekijua kikaango chake hanyunyizi. Huchukua maji kidogo kwenye kijiko cha chai, robo ya kijiko inatosha, akayamimina mahali pamoja, kisha akainama kidogo kutazama. Matone madogo madogo ya vidoleni hayasomeki, kwa sababu yanakauka kabla hujaona yamefanya nini. Maji ya robo kijiko yana uzito wa kutosha kukuonyesha umbo, mwendo na muda, na hayo matatu ndiyo yanayotazamwa.

Kikaango kikiwa bado baridi, maji hutanda, hukaa bapa, na vijipovu huanza kuonekana chini yake taratibu. Joto likipita kiwango cha maji kuchemka, maji hutokota palepale yalipoangukia, hulia kwa nguvu na kukauka upesi. Ongeza moto kidogo zaidi, utayaona yanapasuka vipande vipande vinavyoruka huku na huku, vikilia na kufa haraka. Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana vipande vinavyokimbia vinafanana na vile walivyoambiwa wavisubiri. Bado. Subiri nusu dakika, futa kikaango, mimina tena. Safari hii maji hayatandi wala hayapasuki. Yanajikusanya yawe gololi moja inayong'aa, inateleza juu ya chuma bila kukilowesha, ikigonga ukingo na kurudi, na sauti yake ni hafifu mno. Gololi hiyo haifi upesi. Itazunguka kwa makumi ya sekunde, ikipungua polepole.

Hilo la muda huwashangaza wengi, kwamba maji yaleyale yaliyokauka kwa sekunde mbili kwenye kikaango cha moto wa kati yanadumu kwenye kikaango cha moto zaidi. Daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost wa Duisburg, aliliandika jambo hili kwa Kilatini mwaka 1756 baada ya kudondosha maji kwenye kijiko cha chuma kilichopashwa hadi kikawa chekundu. Tone la kwanza lilidumu zaidi ya nusu dakika. Kadiri kijiko kilivyopoa, matone yaliyofuata yalikauka kwa muda mfupi zaidi na zaidi. Sababu ni kwamba chuma kikiwa na joto la kutosha, sehemu ya chini ya tone hugeuka mvuke papo hapo kabla maji hayajagusa chuma. Mvuke huo unalibeba tone, na kwa kuwa mvuke hupitisha joto vibaya kuliko maji, tone linakuwa limekingwa na moto ulio chini yake. Kwenye kikaango safi cha jikoni, hali hiyo huanza karibu nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi.

Husemwa mara nyingi kwamba samaki naye huelea juu ya mvuke kama lile tone, na kwa hiyo hashiki. Sikubaliani na maelezo hayo. Kipande cha samaki ni kizito, kina mafuta chini yake, na kikishatua hushusha joto la chuma mara moja. Tone halifanyi kazi ya kuzuia chakula kisinate. Kazi yake ni kupima joto tu. Protini za samaki, nyama au yai zikigusa chuma cha uvuguvugu hupata muda wa kujishikiza kwenye chuma chenyewe. Chuma kikiwa cha moto, na kukiwa na mafuta yaliyotanda vizuri yakaziba mikwaruzo midogo, uso wa chakula huiva na kukauka upesi, maji yake hutoka kama mvuke, na ganda la kahawia hujijenga. Ganda hilo ndilo linaloachia. Hata kwenye kikaango kilichopashwa sawasawa, chakula hushika kidogo mwanzoni, kisha kikajiachia chenyewe. Ukikigeuza kabla ya hapo utakichana, na hakuna tone litakalokuokoa.

Rudi kwenye gololi. Gololi nzuri ni moja, ya mviringo, tulivu. Ikipasuka tena kuwa vijigololi vingi vinavyokimbia kwa kasi bila kulia, na vikadumu, kikaango kimepita kiasi. Watu huchanganya hali hii na ile ya vipande vinavyoruka kabla ya gololi kujijenga, lakini zinatofautishwa kwa sikio na saa: vya mwanzo vina kelele na hufa mara moja, vya mwisho viko kimya na huendelea kuzunguka. Kwenye kikaango kilichopitiliza, mafuta yatatoa moshi mara yakitua. Zima moto, subiri dakika moja au mbili, pima tena. Zile rangi za upinde wa mvua zinazobaki chini baada ya moto mkali hazina madhara, nazo huondoka kwa siki kidogo.

Mahali pa kumimina napo pana siri yake. Stenlesi yenyewe hupitisha joto vibaya sana kulinganisha na alumini. Kikaango chembamba cha tabaka moja, kikiwekwa juu ya jiko la gesi, hupata moto mahali ndimi za moto zinapogusa, katikati kukabaki nyuma. Ukimimina maji kwenye duara la moto utapata gololi, ukimimina katikati yatatokota. Kwa hiyo pima katikati, halafu pima karibu na ukingo. Kikaango chenye alumini ndani, iwe imefungwa chini tu au imepanda hadi kwenye kuta, kitakupa jibu moja sehemu zote mbili ukikipasha kwa moto wa kati. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini zaidi ninapotaka kujua kama kikaango kina thamani ya bei yake. Kung'aa hakuniambii kitu. Gololi ikikimbilia upande uleule kila mara, kagua kwanza kama jiko limekaa sawa kabla ya kukishuku kikaango kwamba kimebinuka.

Uso mchafu nao huharibu usomaji. Madoa ya mafuta yaliyogandamana, masalia ya sabuni au chumvi huyashika maji, na gololi haijijengi hata joto likiwa linatosha. Na kipimo hiki hufanywa kwenye kikaango kikavu tu. Maji kwenye mafuta ya moto huzama, hulipuka kuwa mvuke na kukurushia mafuta usoni.

Tuchukue kipande cha nguru chenye unene wa sentimita mbili hivi. Kitoe kwenye friji mapema kidogo ili kisiwe cha barafu, kipanguse kwa kitambaa hadi kitambaa kisilowe tena, kisha kitie chumvi wakati unapokaribia kukaanga, maana ukikitia mapema chumvi huvuta maji juu. Weka kikaango kitupu kwenye moto wa kati. Baada ya dakika mbili mimina robo kijiko ya maji. Huenda yakatokota na kulia. Yakaushe kwa kitambaa kilichokunjwa, usichome vidole, na urudie kila baada ya nusu dakika hivi mpaka gololi ijijenge. Kikaango kizito kinaweza kuchukua dakika nne au zaidi. Usikiharakishe kwa moto mkali, kwani chini kutapita kiasi wakati kingo bado hazijafika.

Gololi ikishatulia, ifute na upunguze moto kidogo. Hapa wengi husahau kwamba kikaango kitupu huendelea kupanda joto kila sekunde. Tia vijiko viwili vya chakula vya mafuta, yazungushe yatande. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kiwandani yanastahimili joto hili. Yale ya kukamuliwa kwenye mashine ndogo, ya Singida au Dodoma, yana ladha nzuri lakini hutoa moshi mapema, na mafuta ya nazi yasiyosafishwa hali kadhalika. Kwa hayo, acha kikaango kipoe dakika moja baada ya kuiona gololi. Mafuta yakiwa tayari hutiririka mepesi kama maji na uso wake hutetema, bila moshi. Laza nguru kwa kumwelekeza upande usio wako, mkandamize kidogo kwa sekunde chache, kisha uache mkono. Mlio unapaswa kuwa mkali na usiokatika. Ukififia ukawa wa maji yanayochemka, ama samaki alikuwa amelowa, ama umejaza vipande vingi na kikaango kimepoa. Baada ya dakika tatu, ingiza ncha ya mwiko bapa pembeni. Akikataa, mwache. Akiteleza, mgeuze, upande wa pili hauhitaji kupimwa tena.

Wanaopikia mkaa hawana kitufe cha kupunguza. Wao hupima vilevile, ila gololi ikitokea hukiinua kikaango kutoka jikoni wakati wa kutia mafuta, wakakirudisha chakula kikiwa mkononi. Mkaa mwekundu upande mmoja huonekana pia kwenye maji: upande mmoja gololi, upande mwingine chwaa. Kigeuze kikaango, usikoleze mkaa.

Yai halikai kwenye sheria hii. Joto la gololi ni kubwa mno kwa yai. Litavimba malengelenge, kingo zitakuwa kama karatasi, na siagi itakuwa imeungua kabla hujalipasua. Hata hivyo mimi hukipasha kikaango hadi gololi, kwa sababu ndiyo alama pekee ya joto ninayoweza kuiona kwa jicho bila kipimajoto. Kisha nafuta maji, nashusha moto hadi chini kabisa na kusubiri dakika mbili hivi kabla ya kutia siagi. Ikigeuka kahawia papo hapo, bado mapema. Ikiyeyuka kimya kimya, nimechelewa, na moto unarudi juu kidogo. Ikitoa povu jeupe linalonong'ona, napasua yai katikati ya povu hilo na siligusi mpaka ute wote ubadilike rangi.