Mishale Minane ya Mchoro wa DNS: Njia ya Jina sw.wikipedia.org Hadi Kwenye Anwani Yake

Mchoro wa mfuatano unaoeleza jinsi jina la tovuti linavyobadilishwa kuwa anwani ya IP huwa na mistari mitano iliyosimama wima, kila mmoja ukiwakilisha mshiriki mmoja, na mishale ya mlalo inayopita kati ya mistari hiyo, ambapo muda husomwa kutoka juu kwenda chini. Kwa jina sw.wikipedia.org, ambalo ni la Wikipedia ya Kiswahili, washiriki hao ni simu au kompyuta ya msomaji, kisuluhishi, yaani seva inayotafuta majibu kwa niaba ya msomaji na ambayo mara nyingi huendeshwa na kampuni inayompa huduma ya intaneti, kisha seva mzizi, seva za kikoa cha org, na mwisho seva zenye mamlaka za Wikimedia, ambazo ndizo zinazohifadhi rekodi halisi za jina hilo. Mchoro wa kawaida huwa na mishale minane: swali la msomaji, jozi tatu za swali na jibu kati ya kisuluhishi na seva za ngazi tatu, na jibu linalomrudia msomaji.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kwamba mishale hiyo si ya aina moja, ingawa wachoraji wengi huipa sura ileile. Mshale wa msomaji hubeba ombi la kutafutiwa jibu kamili, hivyo kisuluhishi hakitarajiwi kumrudisha mikono mitupu na kumwambia aulize kwingine. Mishale inayotoka kwenye kisuluhishi, kinyume chake, hubeba swali lisilodai zaidi ya kile ambacho seva inayoulizwa inakijua yenyewe. Ndiyo maana hakuna mshale unaotoka seva mzizi kwenda seva za org, wala unaotoka org kwenda Wikimedia. Seva hizo haziulizani, na mchoro unaoonyesha swali likipokezwa kutoka seva moja hadi nyingine umekosea kabisa, hata kama anwani inayopatikana mwishoni ni sahihi.

Kisuluhishi kilichowashwa sasa hivi hakijui lolote isipokuwa faili dogo kilichokuja nalo, lenye majina 13 ya seva mzizi, kuanzia a.root-servers.net hadi m.root-servers.net, pamoja na anwani zake. Idadi hiyo ya 13 ilitokana na kikomo cha baiti 512 kilichowekewa ujumbe wa DNS katika kanuni za mwaka 1987, kwa kuwa orodha nzima ilipaswa kuenea katika ujumbe mmoja. Haina maana kwamba kuna mashine 13 tu duniani, kwani anwani moja hutangazwa kutoka mahali pengi, na kwa jumla vituo vinavyojibu kwa majina hayo ni zaidi ya 1,000.

Kinachorudi kutoka seva mzizi si jibu bali ni elekezo, yaani orodha ya seva zilizokabidhiwa kikoa cha org. Tofauti hiyo huonekana wazi pale swali lilelile linapopelekwa kwa mkono, kwa amri ya `dig`, kwenye ncha mbili za mchoro:

```
dig +norecurse @a.root-servers.net sw.wikipedia.org
dig +norecurse @ns0.wikimedia.org sw.wikipedia.org
```

Katika tokeo la kwanza, kichwa cha ujumbe huonyesha `ANSWER: 0` na `AUTHORITY: 6`, maana yake jibu halipo ila yapo majina sita ya seva za org. Katika tokeo la pili, miongoni mwa alama za kichwa huonekana `aa`, ambayo huwekwa na seva inayosema kwa mamlaka yake yenyewe, na sehemu ya majibu haiwi tupu tena. Anayejua kutazama vitu hivyo viwili hahitaji mchoro ili ajue yuko ngazi gani.

Elekezo la majina matupu lingeweza kuzaa mzunguko usio na mwisho. Seva za org husema kwamba wikipedia.org inashughulikiwa na ns0.wikimedia.org na wenzake, lakini jina hilo nalo liko chini ya org na linahitaji kutafutiwa anwani. Kwa sababu hiyo seva ya ngazi ya juu huambatisha anwani za seva inazozitaja, na kisuluhishi huzitumia kusonga mbele bila kurudi nyuma. Michoro mingi huacha kuonyesha kiambatisho hicho, na msomaji makini hubaki akijiuliza kisuluhishi kimejuaje pa kwenda.

Kwa Wikipedia, hata hivyo, mishale minane haitoshi. Seva ya Wikimedia haitoi anwani ya sw.wikipedia.org moja kwa moja, bali hueleza kwamba jina hilo ni lakabu ya jina lingine, dyna.wikimedia.org, na kisuluhishi hulazimika kutafuta jina hilo la pili. Utafutaji huo hauanzii kwenye mzizi, kwa kuwa seva za org zimekwisha kujulikana. Huanzia katikati ya mchoro, na katika hali ya kawaida huongeza jozi mbili, jumla ikawa mishale 12. Lakabu hudumu kwa muda mrefu, ilhali anwani iliyo nyuma yake hudumu dakika chache tu, kwa sababu Wikimedia huchagua kituo cha data cha kumpa msomaji kwa kutazama swali limetoka wapi. Hapa pana kasoro isiyoonekana mchoroni: seva yenye mamlaka kwa kawaida hukiona kisuluhishi, haimwoni msomaji, hivyo mtu aliyeko Mwanza anayetumia kisuluhishi kilichoko Ulaya anaweza kupewa kituo kinachomfaa mtu wa Ulaya.

Upungufu mkubwa zaidi wa mchoro ni kwamba unaonyesha siku ya kwanza tu. Kila rekodi huja na idadi ya sekunde ambazo inaruhusiwa kuhifadhiwa, na kwa elekezo la org linalotoka kwenye mzizi idadi hiyo ni 172,800, yaani siku 2. Kisuluhishi chenye wateja wengi kikishaulizia org mara moja hakina haja ya kuusumbua mzizi kuhusu kikoa hicho kwa muda huo wote, hata kama majina ya org yanayotafutwa ni maelfu. Ikichukuliwa kwamba kila safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 100, utafutaji wa mwanzo kabisa wa safari tano ungechukua nusu sekunde. Unaofuata, anwani ya dyna ikiwa imeisha muda, ungehitaji safari moja. Mshale unaochorwa kwa wino mzito kuliko yote, ule wa kwenda kwenye mzizi, ndio unaotumika kwa nadra zaidi.

Hifadhi hiyo ndiyo pia huwapoteza mafundi. Amri ya `dig +trace` hupendwa kwa kuwa huchapa mchoro mzima ngazi kwa ngazi, lakini anayetembea ngazi hizo ni `dig` yenyewe, ikiwa haigusi jibu la jina hilo lililohifadhiwa na kisuluhishi. Tovuti iliyohamishwa asubuhi inaweza kuonekana sawa kwenye tokeo hilo huku wateja wakiendelea kupelekwa kwenye anwani ya zamani. Fundi anayetafuta chanzo cha tatizo la aina hiyo aiulize seva yenye mamlaka, kisha aulize kisuluhishi wanachokitumia wateja, na alinganishe anwani pamoja na sekunde zilizobaki. Majibu yakitofautiana, kosa halimo katika ngazi yoyote ya mchoro, na kitakachobaki ni kusubiri sekunde hizo ziishe au kumwomba mwendeshaji wa kisuluhishi aifute rekodi.