Pongezi kwa wauza samaki wa Yangambi

Nawapongeza akina mama wauzao samaki kwenye gati ya Yangambi, ukingoni mwa mto Kongo, kwa jinsi wanavyosalimu.

Mkono wa mama umejaa magamba na utelezi. Hakunyimi salamu: anakunja kiganja, anakunyooshea kifundo cha mkono. Unakishika kwa wepesi. "Jambo, mama." "Jambo sana, baba. Habari ya nyumba?" Anatabasamu, macho kwako, na hakivuti kifundo mpaka umjibu "muzuri". Mkono ukiondoka mapema, swali linabaki bure, kama la karani.

Akifika mzee, mambo hubadilika. Kijana hangoji tu mkono. Huinamisha kichwa kidogo, hushika kiwiko chake cha kulia kwa mkono wa kushoto, na hamkazii mzee macho. Marafiki wa rika moja, wao hugongana vipaji vya uso mara tatu, kulia kushoto (mgeni akikosea upande, pua ndiyo huumia).

Kwa mfiwa, tabasamu huondolewa na "pole" husemwa chini chini, mkono ukishikwa muda mrefu zaidi.

Ukishuka pale, usimpe mtu mkono wa kushoto.